Mstari Una Ncha Mbili: Kutoka Picha ya Ubao Hadi Majedwali

*Haya ni mazungumzo yaliyotolewa jioni mbele ya wasanidi na wachambuzi wa mifumo. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeelezwa kwa maneno.*

Wenzangu, habari za jioni.

Kikao kimekwisha. Ubao umejaa visanduku na mistari. Mtu mmoja anainua simu, anapiga picha, anaitupia kwenye kundi na chini yake anaandika: "Mchoro huo hapo, tengenezeni." Dakika tano baadaye ubao unafutwa, maana saa nane chumba kina wenyewe. Picha ile imebaki kuwa kumbukumbu pekee, na wewe ndiye unayetakiwa kuigeuza iwe majedwali, funguo na uhusiano ili msanidi aanze kazi kesho asubuhi.

Unaanzia wapi?

Wengi tunaanzia kwenye visanduku, kwa sababu visanduku vina majina na majina yanasomeka. Lakini kisanduku ukikikosea utagundua siku hiyohiyo. Utakuwa umeandika "jna" badala ya "jina" na mtu atakucheka, basi. Kosa linalogharimu limejificha kwenye ncha ya mstari, pale mstari unapogusa kisanduku, kwenye alama ndogo kuliko punje ya mchele. Hilo ndilo nitakalolizungumza jioni ya leo.

Tushike mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Ni chama cha akiba na mikopo. Ubaoni kuna visanduku 4: TAWI, MWANACHAMA, MKOPO na REJESHO. Mistari ni 5. Wa kwanza unatoka TAWI kwenda MWANACHAMA. Wa pili unatoka MWANACHAMA kwenda MKOPO, juu yake pameandikwa "anakopa". Wa tatu nao unatoka MWANACHAMA kwenda MKOPO, lakini umeandikwa "anadhamini", na katikati yake linaning'inia neno "kiasi". Wa nne unatoka MKOPO kwenda REJESHO. Wa tano unatoka MWANACHAMA, unazunguka, unarudi MWANACHAMA, na pameandikwa "alimleta".

Visanduku 4, mistari 5. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji.

Kwanza, picha yenyewe.

Ukiwa bado chumbani, zima flashi. Flashi ikigonga ubao mweupe huacha doa la mwanga, na doa hilo huangukia palepale penye alama uliyoitaka. Kama dirisha linang'aa ubaoni, sogea pembeni hatua moja mpaka mng'ao uhame. Piga picha moja ya ubao mzima, kisha nne za karibu, kila moja ikiingiliana kidogo na jirani yake ili mstari unaovuka usipotee katikati. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, usiitume kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa njiani. Herufi kubwa zitasalimika, lakini kiduara kidogo kwenye ncha ya mstari kitageuka ukungu, na kiduara hicho, kama tutakavyoona, ndicho kinachoamua kama kolamu inaruhusiwa kuwa tupu.

Lakini mara nyingi picha inakufikia ikiwa imeshaharibika, na ubao umeshafutwa. Hapo fanya hivi. Chukua karatasi, chora upya kwa mkono, na kila mstari uupe namba. Mstari wa 1, wa 2, wa 3, mpaka wa mwisho. Pale mistari miwili inapopishana, ifuate kwa kidole mmoja mmoja kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu jicho hupenda kukata kona mahali mistari inapovukana na kuhamia kwenye mstari usio wake. Mahali usipoona vizuri, weka alama ya kuuliza. Usikisie. Narudia: usikisie. Alama ya kuuliza kwenye karatasi inamalizwa na simu ya dakika mbili. Ukikisia, dhana yako itaingia kwenye hifadhidata na haitaonekana tena kuwa dhana.

Angalieni pia mistari ya chini ya maneno. Jina lililopigiwa mstari chini ndilo ufunguo mkuu. Ila likiwa la mwisho ndani ya kisanduku, mstari huo hushikana na ukingo wa kisanduku na pichani hauonekani kabisa. Ukikuta kisanduku hakina neno lolote lililopigiwa mstari, tazama neno la mwisho kwanza kabla hujasema mchoraji alisahau.

Sasa tufike kwenye ncha.

Michoro mingi ya ubaoni kwetu huchorwa kwa mtindo wa unyayo wa kunguru. Vidole vitatu vilivyotanuka maana yake ni wengi. Kijiti kimoja kilichokatiza mstari maana yake ni mmoja. Kiduara maana yake ni sifuri, yaani huenda asiwepo. Kila ncha ina alama mbili: iliyo karibu zaidi na kisanduku inasema kiwango cha juu, na inayoifuata kwa ndani inasema kiwango cha chini.

Mnaotazama mstari, mnausoma? Mstari unasomwa kwa sentensi, na kila mstari una sentensi mbili, moja kwa kila upande. Unasimama kwenye kisanduku kimoja, unasema "kila mmoja wa hapa", kisha unatazama ncha ya *mbali* na kumalizia sentensi. Tuusome mstari wa 2. Nasimama kwa MWANACHAMA. Ncha ya mbali, iliyo karibu na MKOPO, ina unyayo na kiduara. Nasema: kila mwanachama ana mikopo sifuri au mingi. Nahamia kwa MKOPO. Ncha ya mbali, iliyo karibu na MWANACHAMA, ina vijiti viwili. Nasema: kila mkopo una mkopaji mmoja, si chini ya mmoja, si zaidi ya mmoja.

Sentensi mbili. Ziandikeni kwa Kiswahili cha kawaida pembeni ya namba ya mstari. Hizo sentensi ndizo utakazompelekea mhasibu wa chama, ambaye hajui unyayo wa kunguru ni kitu gani, na akizisoma atakuambia papo hapo kama ni kweli au umepotea.

Kutoka kwenye sentensi, ufunguo wa kigeni unajipanga wenyewe. Unakaa upande wa wengi. Mikopo ndiyo mingi, kwa hiyo namba ya mwanachama inakaa ndani ya jedwali la mkopo. Na je, kolamu hiyo inaweza kuwa tupu? Rudi kwenye ncha iliyo karibu na MWANACHAMA. Ina kijiti, haina kiduara. Basi ni `NOT NULL`. Ingekuwa na kiduara, ungeiruhusu iwe tupu. Ndiyo maana nilisema kiduara kisipotee njiani.

Sasa sikilizeni kisa cha mchoro uliosomwa kinyume. Mchoro umechorwa Lubumbashi, au Bujumbura, na mtu aliyesomea mifumo kwa Kifaransa. Yeye amefundishwa Merise, mtindo wa kuchora data uliotoka Ufaransa. Kwenye Merise hakuna unyayo. Kuna namba, kama `0,n` na `1,1`. Kwenye mchoro kama wetu yeye ameandika `0,n` karibu na MWANACHAMA na `1,1` karibu na MKOPO. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaupokea, anatumia mazoea yake ya kutazama ncha ya mbali, na anasoma: kila mwanachama ana mkopo mmoja tu, kila mkopo una wanachama wengi. Anaweka `mkopo_id` ndani ya jedwali la mwanachama, tena `NOT NULL`.

Mnajua kitakachotokea? Asubuhi ya kwanza, karani anataka kumsajili mwanachama mpya, mfumo unakataa: huyu hana mkopo. Karani anabuni mkopo wa shilingi sifuri ili apite. Mwezi wa tatu, mwanachama mwenye mkopo wa zamani anachukua wa pili, na namba ya mkopo wa pili inakaa juu ya ya kwanza. Mkopo wa kwanza bado una deni, ila hakuna anayejua ni wa nani.

Merise inasomwa kwa ncha ya *karibu*. `0,n` iliyo karibu na MWANACHAMA inamsema mwanachama mwenyewe: anashiriki mara sifuri au nyingi. `1,1` iliyo karibu na MKOPO inausema mkopo: una mmoja tu. Maana ni ileile ya unyayo wetu, ila maandishi yamekaa ncha iliyo kinyume. Kwa hiyo kabla ya kusoma mstari wowote, amua mtindo kwanza. Ukiona namba zimeandikwa mbili mbili, usianze mpaka umejua mchoraji alizisoma kwa karibu au kwa mbali. Njia rahisi ni kutafuta mstari mmoja ambao ukweli wake unajulikana bila mjadala. Kila rejesho ni la mkopo mmoja. Hilo halina ubishi. Tazama namba zimekaa upande gani kwenye mstari huo, na mchoro wote utafunguka.

Tuendelee. Mstari wa 3, "anadhamini".

Huu una unyayo ncha zote mbili. Mwanachama anaweza kudhamini mikopo mingi, na mkopo unaweza kuwa na wadhamini wengi. Ufunguo uuweke wapi? Upande wa wengi ni upi, ikiwa pande zote ni wengi?

Hapo ndipo huzaliwa `mdhamini_1`, `mdhamini_2`, `mdhamini_3` ndani ya jedwali la mkopo. Inaonekana nadhifu siku ya kwanza. Kisha mkopo mkubwa unakuja na wadhamini wanne. Kisha meneja anauliza: Mama Rehema amewadhamini watu wangapi na kwa jumla ya kiasi gani? Swali la kawaida kabisa la chama cha mikopo, na sasa unalazimika kumtafuta Mama Rehema kwenye kolamu tatu tofauti. Na lile neno "kiasi" lililoning'inia katikati ya mstari litakaa wapi? Kila mdhamini anadhamini kiasi chake. Si cha mwanachama, si cha mkopo. Ni cha wao wawili wanapokutana.

Mstari wenye unyayo pande zote mbili ni jedwali. Lichoreni hata kama ubaoni halina kisanduku. Tuliite `dhamana`. Ndani yake kuna namba ya mkopo, namba ya mdhamini na kiasi, na ufunguo mkuu ni zile namba mbili kwa pamoja:

```sql
CREATE TABLE dhamana (
  mkopo_id    INTEGER NOT NULL REFERENCES mkopo (mkopo_id),
  mdhamini_id INTEGER NOT NULL REFERENCES mwanachama (mwanachama_id),
  kiasi       NUMERIC(14,2) NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  PRIMARY KEY (mkopo_id, mdhamini_id)
);
```

Tazameni majina. Haikuandikwa `mwanachama_id`, imeandikwa `mdhamini_id`. Na kwenye jedwali la mkopo tutaandika `mkopaji_id`. Kwa nini? Kwa sababu mistari miwili inaunganisha visanduku vilevile viwili, na mwanachama ana kazi mbili tofauti. Anayenakili haraka huona mistari miwili kati ya visanduku viwili, akadhani mchoraji amerudia, akafuta mmoja. Usifute. Soma maneno yaliyo juu ya mstari. Ndiyo yanayokupa jina la kolamu.

Mstari wa 5, "alimleta", ni mdogo na nitaupita haraka. Unarudi kwenye kisanduku chake, basi ufunguo wa kigeni unaelekea jedwali lilelile:

```sql
aliyemleta_id INTEGER REFERENCES mwanachama (mwanachama_id)
```

Huu lazima uruhusiwe kuwa tupu, hata kama kiduara hakionekani pichani. Mwanachama wa kwanza kabisa aliletwa na nani?

Mstari wa 4 una mtego mmoja. Ndani ya REJESHO neno lililopigiwa mstari ni `awamu`. Awamu ya 1, ya 2, ya 3. Ukiifanya `awamu` peke yake kuwa ufunguo mkuu, mkopo wa kwanza utakwenda vizuri mpaka mwisho. Mkopo wa pili utakwama kwenye rejesho lake la kwanza, maana awamu ya 1 ipo tayari. Awamu inahesabiwa ndani ya mkopo, kwa hiyo ufunguo ni `PRIMARY KEY (mkopo_id, awamu)`. Baadhi ya wachoraji hukuonya kwa kukichora kisanduku kwa fremu mbili, moja ndani ya nyingine. Pichani fremu mbili zikififia huonekana kama mstari mmoja mnene, kwa hiyo kuzeni picha kwenye kona za kisanduku.

Na mkopaji akilipa awamu ya 3 kwa vipande viwili, Ijumaa nusu na Jumatatu nusu? Ufunguo huu utamkataa. Huenda ndivyo chama kinavyotaka, huenda sivyo. Mchoro haujasema. Liandike kwenye karatasi ya maswali.

Hesabu sasa. Tulikuwa na mistari 5. Mistari 4 ni ya mmoja kwa wengi, kila mmoja unazaa ufunguo wa kigeni 1. Mstari mmoja ni wa wengi kwa wengi, unazaa jedwali jipya na funguo 2. Nne na mbili, sita. Visanduku 4 na jedwali moja lililozaliwa, matano. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi msanidi, hesabu `CREATE TABLE` ziwe 5 na `REFERENCES` ziwe 6. Zikipungua, kuna mstari umeuacha. Zikizidi, kuna mstari umeubuni. Hesabu hii haichukui hata dakika moja.

Halafu kuna yale ambayo picha haiwezi kusema hata ingekuwa safi kama kioo.

Picha inasema "simu". Haisemi ni maandishi au ni namba. Ukiiweka `INTEGER`, namba inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake, na ile yenye alama ya kujumlisha mbele ya 255 haiingii. Simu ni maandishi, `VARCHAR(15)` inatosha. Picha inasema "kiasi". Haisemi desimali. Pesa usiiweke `FLOAT`, kwa sababu `FLOAT` haiwezi kuhifadhi senti 10 kwa usahihi kamili, na marejesho mia yakijumlishwa salio linaweza kuachana na kitabu cha mhasibu. Tumia `NUMERIC`.

Picha inasema mkopo una wadhamini, na unyayo wa upande huo una kijiti: mmoja au zaidi. Je, majedwali yetu yanalazimisha hivyo? Hayalazimishi. Ufunguo wa kigeni unahakikisha kila dhamana ina mkopo. Hauwezi kuhakikisha kila mkopo una dhamana. Hilo lifanywe na programu, kwa kuingiza mkopo na wadhamini wake ndani ya muamala mmoja, au kwa `TRIGGER`. Vivyo hivyo hakuna kinachomzuia mtu kujidhamini mwenyewe, maana mkopaji yuko jedwali moja na mdhamini yuko jingine, na `CHECK` ya kawaida haichungulii jedwali la jirani. Mwambieni msanidi waziwazi: kanuni ya kwanza iko kwenye mchoro, ya pili iko kwenye katiba ya chama, lakini zote mbili haziko kwenye majedwali. Usipomwambia, atadhani umezimaliza.

Na mwanachama akifutwa, mikopo yake iende wapi? Ukiacha bila kusema lolote, hifadhidata inakataa kumfuta mwenye mkopo, na kwa mambo ya pesa hivyo ndivyo inavyofaa. Kuna anayeweka `ON DELETE CASCADE` kila mahali ili majaribio yaende haraka, kisha anasahau kuiondoa. Siku karani atakapofuta tawi lililofungwa, wanachama wataondoka nalo, mikopo itaondoka nao, marejesho pia. Kwa amri moja.

La mwisho ni kujaribu. Watu wengi hujaribu kwa kuingiza data nzuri na kufurahi ikikubali. Data nzuri itakubaliwa hata na majedwali yasiyo na ufunguo hata mmoja! Ingizeni data mbaya. Kila mstari uliousoma una kitu unachokikataza, jaribuni kukifanya.

```sql
INSERT INTO dhamana VALUES (1, 7, 200000);
INSERT INTO dhamana VALUES (1, 7, 300000);
INSERT INTO dhamana VALUES (999, 7, 50000);
```

Mkopo namba 1 upo, na mwanachama namba 7 ni Mama Rehema. Amri ya kwanza ipite. Ya pili ikataliwe, kwa sababu amekwisha kuudhamini mkopo huo. Ya tatu ikataliwe, kwa sababu mkopo namba 999 haupo.

Na kama ya tatu imepita? Usikimbilie kulaumu mchoro. SQLite haisimamii funguo za kigeni mpaka uiambie `PRAGMA foreign_keys = ON;`, tena kila unapofungua muunganisho. MySQL kabla ya toleo la 9.0 hupokea `REFERENCES` iliyoandikwa kwenye mstari wa kolamu, kama tulivyoandika hapa, na kuipuuza kimya kimya bila kukuonya. Huko inabidi uandike chini ya kolamu zote:

```sql
FOREIGN KEY (mkopo_id) REFERENCES mkopo (mkopo_id)
```

PostgreSQL inazikubali namna zote mbili na inazisimamia. Kwa hiyo ukimkabidhi msanidi faili, mwandikie juu yake ni ya hifadhidata gani, na kwamba `tawi` litangulie, kisha `mwanachama`, kisha `mkopo`, ndipo `rejesho` na `dhamana`. Ukigeuza mpangilio huo kwenye PostgreSQL, amri ya kwanza itakwama kwa jedwali ambalo halijazaliwa.

Pamoja na faili hilo mpe picha ya asili, ile karatasi yenye mistari iliyopewa namba na sentensi zake 10, na karatasi ya maswali. Kila swali liwe na namba ya mstari, jibu ulilolichukua kwa sasa, na kolamu itakayobadilika jibu likiwa tofauti. "Mstari wa 4: awamu inaweza kulipwa kwa vipande? Nimechukua hapana. Ikiwa ndiyo, ufunguo wa `rejesho` unabadilika." Msanidi akisoma hivyo anajua wapi ajenge leo na wapi asubiri.

Nimemaliza upande wangu. Kuna mtu pale nyuma amenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye Merise, aanze yeye.